Barua Inayosindikiza Profoma

Mnunuzi wa Chattogram, bandari kubwa ya Bangladesh, anataka dengu. Mwezi wa Ramadhani dengu huliwa sana huko kwenye futari, kwa hiyo waagizaji huanza kutafuta mzigo miezi kadhaa kabla. Mfanyabiashara wa Mwanza, anayenunua dengu za Shinyanga na Simiyu, amemtumia sampuli. Wamevutana bei kwenye simu mpaka wakakubaliana: tani 48, makontena mawili, dola 700 kwa tani hadi bandari ya Chattogram. Bei hiyo nimeichagua ili hesabu ziwe nyepesi; ya sokoni hubadilika kila wiki. Kisha unaingia ujumbe mfupi kutoka upande wa pili: tutumie profoma tukafungue LC.

Wengi humaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Wanachukua profoma ya mteja wa zamani, wanabadilisha jina na kiasi, wanaiambatisha kwenye barua pepe yenye mstari mmoja: "Tafadhali pokea profoma yetu." Naamini hapo ndipo biashara nyingi za kuuza nje huanza kuharibika, ingawa hasara yenyewe huonekana baadaye sana, mzigo ukiwa umeshavuka bahari na benki inasema hati zina kasoro.

Profoma ni ankara ya awali. Inamwonyesha mnunuzi atauziwa nini, kiasi gani, kwa bei gani na kwa masharti gani, kabla mzigo haujatoka. Siyo dai la malipo na siyo ushahidi kwamba mauzo yamefanyika, kwa hiyo haiingizwi vitabuni kama mauzo. Ankara ya biashara, ile ya mwisho, hutolewa mzigo unapopakiwa, kwa uzito uliopakiwa kweli. Kazi ya profoma iko kwa mnunuzi. Ndiyo karatasi anayoipeleka benki kuomba fedha za kigeni zitumwe, au kuomba benki imfungulie LC. Bangladesh ni mfano mzuri, kwa sababu sehemu kubwa ya bidhaa zinazoingia huko hulipiwa kwa LC, na benki haianzi kazi bila profoma mezani.

LC ni barua ya ahadi ya malipo. Benki ya mnunuzi inamwahidi muuzaji: ukinileta hati hizi na hizi, zikilingana na masharti haya, nitakulipa. Kanuni zinazotawala barua hizi karibu dunia nzima zinaitwa UCP 600. Zimetungwa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara ya Paris na zinatumika tangu tarehe 1 Julai 2007. Jambo kubwa ndani yake ni kwamba benki inashughulika na hati, haishughuliki na bidhaa. Karani wa benki hataonja dengu wala hatafungua gunia. Atasoma karatasi, na karatasi ikitofautiana na LC ana haki ya kukataa kulipa hata kama dengu ni nzuri kuliko sampuli.

Sasa tazama karani huyo anayatoa wapi maneno ya kuandika kwenye LC. Anayatoa kwenye fomu ya maombi ya mnunuzi, na mnunuzi ameijaza kwa kunakili profoma. LC husafiri kati ya benki na benki kama ujumbe wa SWIFT wenye sehemu zenye namba, na maelezo ya bidhaa hukaa sehemu ya 45A. Ukiona 45A ya LC nyingi utakuta maneno ya profoma yamemwagwa humo yote, pamoja na makosa ya tahajia, na mwishoni pameandikwa "kama ilivyo kwenye profoma namba fulani ya tarehe fulani". Maneno uliyoyaandika bila kufikiri ukiwa dukani kwako yamekuwa sharti la kulipwa. UCP 600 yenyewe inazishauri benki zizuie profoma kuingizwa kama sehemu kamili ya LC, lakini kuitaja tu kwa namba ni jambo la kila siku.

Kwa hiyo barua ya kusindikiza ina kazi ambayo profoma haiwezi kuifanya. Profoma inasema nini kinauzwa. Barua inamwambia mnunuzi aende benki kuomba nini, lini, na kwa maneno gani. Ifuatayo ni barua ya mfanyabiashara wetu wa Mwanza. Ataituma kwa Kiingereza, lugha wanayoelewana na mnunuzi, lakini nimeiweka kwa Kiswahili ili tuisome pamoja.

*Yah: Profoma namba 014, tani 48 za dengu. LC itufikie kabla ya tarehe 26 Septemba*

*Ndugu Meneja wa Ununuzi,*

*Salaam. Kufuatia makubaliano yetu ya simu, tunaambatisha profoma namba 014 ya tarehe 3 Septemba: tani 48 za dengu za Tanzania, dola za Marekani 700 kwa tani, CFR Chattogram, jumla dola 33,600. Bei hii itadumu hadi tarehe 12 Septemba. Ukiikubali, tunaomba urudishe nakala yenye sahihi na muhuri wako.*

*Malipo ni kwa LC isiyoweza kufutwa, inayolipwa mara hati zinapowasilishwa. LC ikiifikia benki yetu kabla ya tarehe 26 Septemba, tutapakia Dar es Salaam kabla ya tarehe 31 Oktoba. Tafadhali iombe benki yako iandike kwamba asilimia 5 zaidi au pungufu inaruhusiwa katika kiasi na katika thamani; kwamba kubadilisha meli njiani kunaruhusiwa; kwamba hati ziwasilishwe ndani ya siku 21 tangu kupakia; na kwamba LC itaisha tarehe 21 Novemba hapa Tanzania.*

*Hati tutakazotoa ni ankara ya biashara, orodha ya mzigo, seti kamili ya hati ya shehena, cheti cha asili ya bidhaa, cheti cha afya ya mimea na cheti cha ufukizaji. Gharama za benki nje ya Tanzania ni za mnunuzi.*

*Kabla benki yako haijaitoa LC, tutumie rasimu ya maombi. Tutaijibu siku hiyo hiyo.*

*Maelezo ya akaunti yetu yako kwenye profoma tu. Hatutayabadilisha kwa barua pepe. Ukipata ujumbe unaosema akaunti imebadilika, usilipe. Tupigie kwa namba uliyonayo tangu mwanzo.*

*Wako katika biashara.*

Barua haijazidi ukurasa mmoja, na haina sifa za kampuni wala historia yake. Mnunuzi ameshakubali kununua. Anachohitaji sasa ni kitu cha kumkabidhi karani wa benki.

Tuanze na ile asilimia 5, kwa maana ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko kipengele kingine chochote. Dengu hufungwa kwenye magunia ya kilo 50, kwa hiyo tani 48 ni magunia 960. Mtu akiandika profoma kwa haraka huandika "magunia 960 ya kilo 50". Siku ya kupakia, magunia manane yanakutwa yamelowa kwenye lori na kuchafuka, yanawekwa kando. Makontena yanafungwa yakiwa na magunia 952, yaani tani 47.6. Ankara ya mwisho inakuwa dola 33,320. Hakuna aliyedanganya na mnunuzi hatozwi hata senti ya asichopokea. Lakini LC inasema magunia 960, na hati zinasema 952. Hiyo ni kasoro.

UCP 600 ina kifungu cha kumsaidia muuzaji hapa. Kifungu cha 30 kinaruhusu kiasi kipungue au kiongezeke kwa asilimia 5 hata kama LC haijasema hivyo, mradi fedha zinazodaiwa zisizidi thamani ya LC. Ila ruhusa hiyo haipo pale LC inapotaja kiasi kwa idadi ya vifurushi au vitu vya kuhesabu. Magunia 960 ni idadi ya vifurushi. Tani 48 ni uzito. Tofauti ya namna ya kuandika imemnyima muuzaji wetu haki aliyokuwa nayo bure. Ndiyo maana profoma inapaswa kusema "tani 48, zikiwa kwenye magunia ya kilo 50" na kuiacha hesabu ya magunia kwa orodha ya mzigo.

Hata hivyo ruhusa ya kanuni peke yake haitoshi upande wa kuzidi. Makontena yakiingia tani 49, thamani ni dola 34,300, na LC ni ya dola 33,600; zile dola 700 za juu benki haina wajibu nazo. Barua ndiyo maana inaomba asilimia 5 katika kiasi na pia katika thamani. Benki ikikubali, utaona sehemu ya 39A ya ujumbe wa LC imeandikwa 05/05. Hapo muuzaji anaweza kupakia chochote kati ya tani 45.6 na 50.4 na kulipwa alichopakia. Wapo wanaopenda kuandika "takriban tani 48". Neno hilo nalo linafanya kazi, kwani kifungu hicho hicho kinalipa uzito wa asilimia 10 kila upande, lakini kwa kile tu kilichotajwa karibu nalo. "Takriban tani 48" hainyooshi thamani wala bei ya tani. Mimi ningeshauri asilimia zitajwe kwa tarakimu, maana tarakimu haina tafsiri mbili.

Jambo la pili ni maelezo ya bidhaa. Kwenye profoma muuzaji hujisikia kujieleza: dengu safi za msimu mpya, usafi asilimia 99, unyevu usiozidi kiasi fulani, punje za ukubwa fulani, zilizochambuliwa kwa mashine. Yote hayo yatahamia 45A. UCP 600 inataka maelezo ya bidhaa kwenye ankara ya biashara yaendane na ya kwenye LC. Hati nyingine zinaweza kutaja bidhaa kwa jumla ili mradi zisipingane, ila ankara haina uhuru huo. Kila neno la ziada kwenye profoma ni neno la ziada la kuchunga kwenye ankara, na kila kipimo cha ubora kinachotajwa humo kinamshawishi mnunuzi aombe cheti cha kukithibitisha. Vipimo vya ubora mahali pake ni kwenye mkataba wa mauzo. Kwenye profoma inatosha kuandika dengu za Tanzania, aina yake, msimu wake, na namba ya forodha 0713.20, ambayo mnunuzi anaihitaji kwa ajili ya ushuru wa kwao.

Tarehe nazo zinahitaji mtu akae chini na kalamu. Utaona barua imepanga tarehe nne zinazoshikana. Bei inadumu hadi 12 Septemba, kwa sababu muuzaji hana dengu zote ghalani na hawezi kuahidi bei ya mwezi ujao. LC ifike kabla ya 26 Septemba, kwa sababu hapo ndipo anaweza kununua mzigo uliobaki, kuusafirisha hadi Dar es Salaam, kuufukiza na kupata nafasi kwenye meli. Kupakia ni kabla ya 31 Oktoba. Kuisha kwa LC ni 21 Novemba, siku 21 kamili baadaye, kwa sababu kanuni zinampa muuzaji siku 21 za kuwasilisha hati tangu kupakia, lakini si baada ya LC kuisha. LC ikiisha tarehe 5 Novemba na meli ikaondoka 31 Oktoba, zile siku 21 zinageuka siku tano, na cheti kimoja kikichelewa ofisini umekosa fedha zako.

Mahali pa kuisha ni muhimu sawa na tarehe. Sehemu ya 31D huandika vyote viwili. Ikisema Tanzania, hati zikishafika kwenye benki iliyotajwa huku kabla ya siku hiyo umewahi. Ikisema Bangladesh, hati lazima ziwe zimefika kule, na siku zote ambazo furushi linasafiri na mtu wa posta ni siku zako zinazoliwa.

Kwa nini barua iombe ruhusa ya kubadilisha meli? Makontena ya Chattogram kwa kawaida hufikishwa huko na meli ndogo zinazoyapokea kwenye bandari kama Colombo au Singapore. Hati ya shehena, ile B/L ya kampuni ya meli, itaonyesha hivyo. UCP 600 inamlinda kidogo mwenye mzigo wa kontena hata LC ikikataza, lakini sioni sababu ya kuingia kwenye mabishano ya vifungu na karani aliye mbali wakati sentensi moja kwenye barua ingeyazuia.

Orodha ya hati imewekwa ili mnunuzi asiongeze nyingine. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na cheti cha ufukizaji hutoka kwa anayefukiza. Hivyo muuzaji anajua anavipataje. Asichokijua ni hati ambayo ipo mikononi mwa mnunuzi. Kuna LC zinazodai cheti cha ukaguzi chenye sahihi ya mnunuzi mwenyewe au ya mwakilishi wake. Ukikubali hilo, bei ya dengu ikishuka sokoni kabla meli haijafika, mnunuzi anaweza kutosaini tu, na benki itasema kwa haki kabisa kwamba hati haijatimia. Ukiliona sharti la namna hiyo kwenye rasimu, kataa kwa upole na upesi. Vivyo hivyo cheti cha bima: CFR maana yake muuzaji analipa nauli hadi Chattogram, bima ya mzigo ni ya mnunuzi, kwa hiyo LC isimdai muuzaji bima.

Rasimu hiyo ndiyo nafasi ya mwisho ya kurekebisha mambo kwa urahisi. LC ikishatolewa haibadilishwi bila ridhaa ya benki iliyoitoa, ya muuzaji, na ya benki iliyoithibitisha kama ipo. Kila badiliko lina ada yake na siku zake. Rasimu hubadilishwa kwa ujumbe mmoja wa simu.

Mnunuzi mwingine hatataka LC. Atasema atalipa kwa kuhamisha fedha benki, na kwa mzigo mdogo hilo huwa nafuu kwa wote. Barua yake ni fupi zaidi. Inataja mgawanyo, kwa mfano asilimia 30 mbele, dola 10,080, na asilimia 70 iliyobaki, dola 23,520, akishatumiwa nakala ya hati ya shehena na kabla ya kutumiwa hati halisi. Inamwomba aandike namba ya profoma kwenye maelezo ya malipo, na aiagize benki yake gharama zote za kutuma zikatwe kwake, vinginevyo benki za katikati humega kidogo na muuzaji anapokea pungufu. Na hapa lile onyo la akaunti lina uzito mara mbili. Wezi huingia kwenye barua pepe za wafanyabiashara, husoma kimya hadi profoma itumwe, kisha hutuma nakala ile ile yenye nembo ile ile na akaunti tofauti. Mnunuzi aliyekwisha kuambiwa kwamba akaunti haibadilishwi kwa barua pepe ana sababu ya kunyanyua simu kabla hajalipa.

LC ikifika, benki ya huku itamjulisha muuzaji na kumpa nakala. Siku hiyo hiyo aiweke kando ya profoma na ya barua, apitie mstari kwa mstari: jina lake, kiasi, 39A, 45A, tarehe ya mwisho ya kupakia kwenye 44C, 31D, orodha ya hati kwenye 46A. Ikiwa 44C imeandikwa 10 Oktoba badala ya 31, mzigo usitoke ghalani mpaka badiliko lifike kwa SWIFT. Ahadi ya mnunuzi kwenye simu kwamba "hiyo haina shida, sisi tutakubali" haimfungi karani wa benki, na wala haitamfunga mnunuzi mwenyewe siku bei ikiporomoka.

Na tarehe 12 Septemba ikipita bila jibu, kisha mnunuzi akarudi tarehe 20 akitaka mzigo ule ule kwa bei iliyopanda? Hapo usifungue faili la zamani ukabadilisha bei na kuituma tena ikiwa na namba 014. Karatasi mbili zenye namba moja na bei mbili zikiwa kwenye kompyuta ya mnunuzi, ile isiyo sahihi inaweza kabisa kuwa ndiyo itakayofika benki. Toa namba mpya na tarehe mpya, panga upya zile tarehe nne, na sentensi ya kwanza ya barua iseme: profoma namba 014 ya tarehe 3 Septemba imefutwa, tafadhali tumia namba 019 iliyoambatishwa hapa.